Madumu mawili ya mawese yameenda wapi? Njia mbili za kupata gharama ya bidhaa zilizouzwa

Nawatunzia vitabu wauzaji wa mawese hapa Kigoma. Mfano huu ni wa duka linalouza kwa dumu la lita 20, na bei nimezikata ziwe rahisi kufuata.

Hatua ya 1: Andika kilichokuwepo na kilichonunuliwa. Tarehe 1 dukani kuna madumu 20 ya shilingi 60,000, jumla 1,200,000. Tarehe 12 yameingia 30 ya shilingi 70,000 (nauli na upakuzi vikiwemo, maana navyo ni gharama ya mzigo), jumla 2,100,000. Ya kuuza ni madumu 50 yenye thamani ya 3,300,000.

Hatua ya 2: Mfumo wa kipindi. Mwezi mzima hugusi hesabu ya bidhaa. Unaandika mauzo tu. Mwisho wa mwezi unafunga mlango na kuhesabu kwa mkono. Yamebaki 13. Kwa kuwa dumu la zamani hutoka kwanza, haya ni ya 70,000, yaani 910,000.

```
mwanzo + manunuzi - mwisho = gharama
1,200,000 + 2,100,000 - 910,000 = 2,390,000
```

Hatua ya 3: Mfumo endelevu. Hapa unaweka kadi ya kuandikia madumu yanayoingia na kutoka; kila dumu likitoka, kadi inapunguzwa siku hiyohiyo na gharama inaandikwa. Kabla ya tarehe 12 yaliuzwa 15 ya 60,000: 900,000. Baadaye yaliuzwa 20: matano ya zamani, 300,000, na 15 mapya, 1,050,000. Gharama ni 2,250,000, na kadi inasema yamebaki 15.

Hatua ya 4: Hesabu kwa mkono hata kama una kadi. Dukani yapo 13. Mawili hayapo, thamani yake 140,000. Ukiyaandika kama upotevu, 2,250,000 inafika 2,390,000, ileile ya hatua ya 2. Lakini angalia tofauti: mfumo wa kipindi uliyahesabu madumu hayo kana kwamba yameuzwa, na mwenye duka asingejua kamwe. Hii ndiyo sababu nawasihi wenye wasaidizi dukani waweke kadi, hata ya daftari.

Jibu limelingana kwa sababu tumetoa la zamani kwanza. Ukitumia wastani, halitalingana: wastani wa mwezi mzima ni 66,000 kwa dumu, ilhali wa kadi baada ya tarehe 12 ni karibu 68,571. Chagua njia moja ukae nayo.

Hatua ya 5: Usikimbilie kuandika upotevu. Kwanza fungua daftari la madeni. Mara nyingi dumu "lililopotea" lilichukuliwa kwa mkopo jioni na halikuandikwa. Hapo 140,000 inabaki gharama ya mauzo, ila kuna mauzo ya kuongeza na mtu wa kudaiwa. Kisha kagua sakafu: dumu lililopasuka huacha doa jekundu chini yake.