Jinsi ya kumwandikia mkutubi wa hifadhi ukitafuta rekodi ya zamani ya kwaya yenu

Maombi mengi ya rekodi za kwaya hukwama kwenye jina. Mwombaji anaandika "natafuta rekodi ya kwaya yetu ya Walukuba", mkutubi analitafuta neno "Walukuba" kwenye orodha yake, hapati kitu, na jibu linarudi kwamba haipo. Pengine ipo. Kanda za zamani kwa kawaida hazikupangwa kwa majina ya kwaya. Zilipangwa kwa namba ya kanda, tarehe ya kurekodi, jina la aliyerekodi au jina la kipindi. Kwaya iliyoimba nyimbo mbili katikati ya kipindi cha nusu saa inaweza kuwa imetajwa kwenye karatasi moja tu, ile iliyo ndani ya boksi la kanda, na si kila karatasi ya namna hiyo imeingizwa kwenye kompyuta. Ujumbe mzuri humpa mkutubi njia nyingine za kulifikia boksi hilo.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Kwaya ya kanisa la Kianglikana katika mtaa wa Walukuba, Jinja, inaambiwa na wazee wake kwamba iliwahi kurekodiwa na redio huko Kampala, "zamani, wakati wa Obote wa kwanza", yaani Obote alipotawala mara ya kwanza.

Hatua ya kwanza: bana miaka

Usiwaulize wazee ilikuwa mwaka gani, maana watakutajia mwaka wowote ili wakuridhishe. Waulize kabla au baada. Uganda ina vigingi vinavyokumbukwa na kila mtu wa umri huo: uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962; ziara ya Papa Paulo wa Sita, kuanzia 31 Julai hadi 2 Agosti 1969; mapinduzi ya Amin, 25 Januari 1971. Mzee wa sauti ya nne akisema walirekodi kabla ya Papa kuja, na kadi yake ya kazi ikionyesha aliajiriwa Jinja mwaka 1965, tayari una miaka minne au mitano tu badala ya ishirini.

Kisha ingia kwenye madaftari ya kanisa. Daftari la fedha lina faida kuliko la mikutano, kwa sababu fedha huandikwa siku ile ile zinapotoka. Tuseme katika mfano wetu kuna mstari wa Machi 1967: nauli ya waimbaji 18 kwenda Kampala. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 26 Machi. Sasa una dhana ya maana: huenda ilikuwa ni kipindi cha Pasaka. Hiyo ni dhana bado, na kwenye ujumbe iandike kama dhana. Mkutubi akidhani una uhakika wa Machi atatafuta Machi peke yake, na kanda ikiwa ya Desemba imekupita.

Hatua ya pili: jua unamwandikia nani

Miaka ndiyo inayochagua hifadhi. Klaus Wachsmann alirekodi muziki wa Uganda kati ya 1949 na 1952, na makusanyo yake yako Maktaba ya Uingereza, London, na nakala zake Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi ya muziki yenye jina lake. Hugh Tracey alipita Uganda mwaka 1950 na tena 1952. Kazi yake inatunzwa na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwaya ya 1967 haiwezi kuwamo katika safari hizo, na ukiwaandikia wote kwa pamoja unapoteza muda wa watu wanne kwa swali la mtu mmoja.

Rekodi ya redio ya 1967 ilifanywa na Redio Uganda. Mwaka 2005 sheria iliunda Shirika la Utangazaji la Uganda, yaani UBC, likarithi Redio Uganda na televisheni ya taifa. Basi barua ya kwanza inakwenda UBC, sehemu ya maktaba ya kanda. Makerere waandikie baadaye, ukiwauliza jambo dogo: kama wanayo nakala yoyote ya kanda za redio za miaka hiyo.

Kuna la kujiandaa nalo moyoni. Kanda ilikuwa ghali, na vituo vingi vya redio duniani vilifuta vipindi ili kurekodi vingine juu yake. "Tumetafuta, haipo" linaweza kuwa jibu la kweli kabisa.

Hatua ya tatu: tayarisha majina yote

Andika jina la kwaya la sasa, la zamani, jina la kanisa, la mtaa na la mji. Kwa rekodi za kabla ya 1961 kumbuka kwamba Kanisa la Uganda lilikuwa likiitwa Kanisa la Kianglikana la Wenyeji, na kwenye lebo huandikwa kwa herufi tatu tu za jina lake la Kiingereza, Native Anglican Church: NAC. Asiyejua hilo huipita kanda yake akiitazama. Tahajia pia hubadilika: Toro na Tooro, Budu na Buddu, Ankole na Nkore. Zitaje zote.

Lakini lenye thamani kuliko majina yote ni mstari wa kwanza wa kila wimbo, katika lugha ulioimbwa. Fundi aliyejaza karatasi ya kanda mara nyingi hakuijua kwaya. Alisikia wimbo ukianza, akaandika alichosikia. Kwa hiyo waimbishe wazee, nawe uandike maneno ya mwanzo jinsi yanavyotamkwa, na utaje kama ni Kiswahili, Lusoga au Luganda. Ongeza na ala: wimbo wa ngoma na makofi huandikwa tofauti na wimbo wa kinanda.

Hatua ya nne: andika ujumbe

Omba jambo moja tu: kama rekodi ipo. Ruhusa ya kusikiliza, nakala, na matumizi ni maswali matatu ya baadaye. Huenda yakaamuliwa na watu tofauti, na ukiyachanganya ujumbe wako utahamishwa kwa ofisa wa haki au wa fedha kabla mtu hajafungua kabati. Kichwa cha ujumbe kibebe mji, aina ya rekodi na miaka, kwa mfano: "Kwaya ya kanisa, Jinja, kanda ya redio, 1965–1969". Mwili wake uwe hivi:

"Kwa Mkutubi wa Maktaba ya Kanda,

Salamu. Mimi ni katibu wa kwaya ya kanisa la Walukuba, Jinja. Naomba kujua kama mnayo kanda ya Redio Uganda yenye sauti ya kwaya hii.

Tunachojua kwa hakika: kwaya ilisafiri kwenda Kampala Machi 1967, watu 18, kwa mujibu wa daftari la fedha la kanisa. Tunachodhani: ilikuwa kwa ajili ya kipindi cha Pasaka. Ikiwa Machi 1967 haina kitu, tunaomba mtazame kati ya 1965 na Julai 1969.

Huenda lebo imeandikwa Jinja au Busoga tu, bila Walukuba. Nyimbo zilikuwa mbili. Mistari ya kwanza, jinsi wazee wanavyoikumbuka, ni hii: (iandike hapa, kila mmoja na lugha yake). Ziliimbwa kwa sauti nne, bila kinanda, na ngoma moja katika wimbo wa pili.

Nimeambatanisha picha ya ukurasa wa daftari. Naweza kufika Kampala kutazama orodha au karatasi za maboksi siku mtakayopanga. Simu yangu ni hii.

Wenu, Katibu wa Kwaya"

Tazama jinsi hakika na dhana zilivyotenganishwa. Hapo ndipo mkutubi anapojua pa kuanzia na pa kupanua. Sentensi ni fupi kwa makusudi pia: ofisi nyingi za Uganda hufanya kazi kwa Kiingereza, na sentensi fupi hutafsirika bila kupoteza tarehe. Mistari ya nyimbo isitafsiriwe kamwe.

Picha ya ukurasa wa daftari iwe moja, ndogo. Usipeleke albamu nzima ya kwaya.

Hatua ya tano: baada ya jibu

Ukiambiwa haipo, uliza swali moja la heshima: je, wametafuta kwenye orodha ya kompyuta, au na kwenye karatasi na madaftari ya zamani pia? Majibu hayo mawili hayafanani. Kama ni kompyuta tu, omba kwenda mwenyewe kusoma karatasi za miezi mitatu, Februari hadi Aprili 1967.

Ukiambiwa ipo, omba kwanza namba ya kanda, na uitaje katika kila barua baada ya hapo. Usisukume ichezwe siku hiyo hiyo. Kanda yenye harufu ya siki imeanza kuoza, na nyingine hunata na kuacha unga kwenye mashine. Zote zinahitaji fundi kabla ya kuzungushwa. Uchezaji wa haraka unaweza kuwa wa mwisho.

Kuhusu nakala, taja matumizi yako kwa uwazi: kujifunzia kwaya, au kuweka hadharani? Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya 2006 inamlinda mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki za rekodi yenyewe ni jambo la pekee. Kwa hiyo kuwa na umri wa zaidi ya nusu karne hakufanyi kanda kuwa huru. Kama aliyepanga sauti za wimbo bado yu hai, barua yake ya ridhaa itakufaa.

Taja pia aina ya faili. Nakala ya hifadhi, WAV ya kHz 96 na biti 24, kwa nusu saa ya sauti ya njia moja hufikia takriban MB 518, haipiti kwenye barua pepe. Nenda na flashi. Ya kusambazia waimbaji, MP3 ya wimbo wa dakika tatu kwa kbps 128, ni kama MB 3 tu.

Ukiipata, isikilize na wazee kabla ya kushukuru na kufunga jambo. Kanda ikichezwa kwa kasi maradufu, sauti ya nne husikika kama ya watoto na wimbo huisha kwa nusu ya muda wake. Hilo kila mtu hulisikia. Kosa la kujificha ni la asilimia 6, linalopandisha wimbo nusu toni: dakika tatu zinakuwa dakika 2 na sekunde 50. Waimbaji wa zamani wakisema "hapa tulikuwa chini zaidi", mwandikie mkutubi tena, kwa namba ya kanda, umwombe akague kasi ya mashine iliyotumika.