Sawazisha S.L.P. kwanza, nukta ufute baadaye

Ukilinganisha orodha mbili za wateja wa Dar es Salaam, usianze kwa kufuta nukta. Ukiweka nafasi badala ya nukta, "S.L.P. 1234" inageuka "S L P  1234" na haifanani tena na "SLP1234" wala "P. O. Box 1234", ingawa sanduku ni lile lile. Kwa Python, baada ya import re, tanguliza mstari huu, t ikiwa ni anwani:

```
t = re.sub(r"\b(?:s[. ]*l[. ]*p|p[. ]*o[. ]*box)[. :]*(?=\d)", "slp ", t.lower())
```

Zote tatu zinatoka "slp 1234". Baada ya hapo badilisha vifupisho vingine, kila kimoja kama neno zima: rd na road ziwe barabara, blk na block ziwe kitalu. Ukibadilisha herufi popote zilipo, hata "rd" iliyo ndani ya "Garden" itageuka barabara! Nukta na koma ndiyo zije mwisho, zikiachiwa nafasi. Mkwaju usiuguse, maana kiwanja 45/2 kikipoteza mkwaju kinakuwa 452, kiwanja kingine kabisa.

Kanuni hii inashindwa pale alipoandika mtu "P.O. Box No. 1234", kwa sababu inasubiri tarakimu mara baada ya "box", toa hiyo "No." kwanza. Na sanduku kufanana si mtu kufanana: wafanyakazi wengi hutumia sanduku la mwajiri, na namba hiyo hiyo inaweza kuwepo Morogoro, kwa hiyo linganisha pamoja na mji na jina. Safu ya anwani ya awali iache kama ilivyo, matokeo yaweke kwenye safu mpya.