Kupima kina cha mfereji wa ufunguo wa habu kutoka ukuta wa mkabala

Kina cha mfereji wa ufunguo huhesabiwa katikati ya upana wake, mahali ambapo ukuta wa tundu umekwisha kuchongwa na hakuna kitu cha kuegemeza kifaa. Tuchukue habu yenye tundu la milimita 40 na ufunguo wa 12 kwa 8, ambao kwa kiwango cha DIN 6885 hudai kina cha milimita 3.3. Ukipima kutoka kwenye kona za mfereji utasoma takriban 4.2, kwa sababu kona hizo zimeingia ndani kwa 0.92 kuliko kilele cha duara la tundu. Fundi anayesimamisha kazi kona zikisoma 3.3 huacha mfereji wenye kina halisi cha 2.4 tu. Ndiyo maana mchoro kwa kawaida huonyesha 43.3, ukiruhusu nyongeza ya 0.2, kutoka sakafu ya mfereji hadi ukuta wa mkabala.

Hatua ya 1. Ondoa kwa tupa laini vinyweleo vya chuma kwenye kingo, kisha futa chembe zote sakafuni.

Hatua ya 2. Pima kipenyo cha tundu mbali na mfereji, kwa maikromita ya ndani. Tuseme ni 40.02.

Hatua ya 3. Weka ncha moja ya maikromita katikati ya sakafu ya mfereji na uishikilie hapo. Yumbisha ncha ya pili upande kwa upande na uchukue kipimo kikubwa zaidi. Kisha iyumbishe kufuata urefu wa tundu na uchukue kidogo zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani ncha ya sakafuni ikiteleza hadi konani kipimo huongezeka mpaka karibu 44.06, na mfereji wenye kina pungufu huonekana umepita. Kuteleza kwa milimita 1 huongeza 0.02 tu, lakini milimita 2 huongeza karibu 0.09.

Hatua ya 4. Rudia karibu na mdomo mmoja wa tundu, katikati, na karibu na mdomo wa mwisho. Tuseme umepata 43.42, 43.36 na 43.27.

Hatua ya 5. Linganisha na mchoro. Kwa kuwa mchoro huu umetoa 43.3 hadi 43.5 moja kwa moja, usitoe kipenyo: mdomo wa mwisho umepungua kwa 0.03. Mchoro ukitoa kina peke yake, toa kipenyo halisi, yaani 43.27 kutoa 40.02, upate 3.25.

Hatua ya 6. Pima tena mdomo huo baada ya kuusafisha. Tofauti ikibaki, sakafu imeinama, na mfereji urudishwe mashineni, isipokuwa mchoro wenyewe unadai mwinamo wa 1 kwa 100 kwa ufunguo wa kabari. Ni kweli kwamba ufunguo ungeingia, kwani juu yake bado kungebaki nafasi ya 0.25 kwenye shafti iliyochongwa milimita 5, lakini ruhusa ya kuupitisha ni ya mwenye mchoro, si ya mpimaji.