Kwa nini mkatano wa wastani huchelewa, na namna ya kupanga vipindi kwa kila soko

Hapa Moshi, mfanyabiashara mwenzangu anayefuatilia bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York aliniuliza kwa nini ishara ya kununua, yaani mkatano ambapo wastani wa bei za siku chache unapanda juu ya ule wa siku nyingi, humfikia bei ikiwa imekwisha kupanda. Jibu linaonekana kwa bei kumi na moja tu.

Hatua ya kwanza ni kufungua jedwali la kompyuta na kuandika bei za kufunga katika safu ya B, kuanzia mstari wa 2: 110, 108, 106, 104, 102, 100, 102, 104, 106, 108, 110. Nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi.

Hatua ya pili, katika mstari wa 11 andika wastani wa siku 5 kwenye safu ya C na wa siku 10 kwenye safu ya D, kisha buruta kanuni zote mbili hadi mstari wa 12:

```
=AVERAGE(B7:B11)
=AVERAGE(B2:B11)
```

Siku ya 10, yaani mstari wa 11, wastani mfupi ni 104 na mrefu ni 105. Siku ya 11 mfupi unafika 106 na mrefu unabaki 105, na huo ndio mkatano. Bei iligusa chini siku ya 6, kwa hiyo ishara imekuja siku 5 baadaye, bei ikiwa imepanda kwa 10, na kwa kuwa mkatano huthibitika soko likishafunga, utanunua siku ya 12.

Chanzo chake ni kwamba siku 10 ni siku 5 mpya pamoja na 5 zilizozitangulia, hivyo mkatano huu huuliza jambo moja tu: je, tano mpya zimezishinda tano za nyuma? Bei ikigeuka kwa mwendo huu huu, vipindi vya 10 na 20 vitachelewa siku 10, na vya 3 na 6 siku 3.

Hatua ya tatu ni kugeuza siku kuwa wiki. Kahawa ya New York huuzwa siku tano kwa wiki, kwa hiyo siku 50 ni wiki 10. Bitikoini haipumziki, na kwake wiki 10 ni siku 70. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam zipo hisa zinazokaa siku kadhaa bila kuuzwa, bei ikijirudia ile ile, na hapo mimi hutumia bei za kufunga za kila wiki.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kuhesabu katika bei za nyuma mikatano iliyobatilishwa na mkatano wa kinyume kabla faida haijazidi gharama za kununua na kuuza. Ikiwa ni mingi, soko linatambaa bila mwelekeo na vipindi ni vifupi mno. Virefushe, ukikubali kuchelewa zaidi, kisha vijaribu kwenye miezi ambayo hukuitumia kuvichagua.