Kahawa bila meno kubadilika rangi

Kinachochafua meno si wingi wa kahawa tu, ni muda inaokaa mdomoni. Kikombe kimoja kinachonywewa kidogo kidogo asubuhi nzima hulowesha meno upya kila funda, na mate hayapati nafasi ya kuyasafisha. Kikombe hichohicho ukikimaliza ndani ya dakika 15 au 20, madhara hupungua sana.

Ukimaliza, sukutua kwa maji ya kawaida na uyazungushe hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, maana hapo ugaga hujijenga haraka na rangi hung'ang'ania. Usikimbilie mswaki: kahawa ina asidi inayolainisha kidogo tabaka la nje la jino, hivyo subiri kama nusu saa. Mimi naona ni bora kupiga mswaki kabla ya kahawa, kwani rangi hunata zaidi kwenye utando wa usiku.

Maziwa nayo husaidia, kwa sababu protini yake hushikana na tanini, kemikali za kahawa zinazofanya rangi inate kwenye meno.

Doa lisilotoka kwa mswaki, usilikwangue kwa mkaa wala chumvi. Daktari wa meno ataling'arisha bila kukwaruza jino.