Mambo ya kuzingatia kabla ya kumpeleka mtoto kupimwa uzito: kusoma mistari ya kadi ya kliniki

Mama anayeondoka Igombe au Kirumba, jijini Mwanza, alfajiri kuwahi foleni ya kliniki huwa amekwisha kukagua kanga, chakula na nauli, lakini kadi ya mtoto huiweka mkobani bila kuifungua. Ni vema aifungue usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kuwa kliniki yenye watoto wengi muuguzi hupata dakika chache tu kwa kila mmoja, na yale yaliyomo ndani ya kadi huhitaji utulivu kidogo.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba chati inayotumika ni ya jinsi ya mtoto huyo. Wavulana na wasichana wana chati tofauti, na tofauti hiyo si ndogo: mvulana wa miezi 6 aliye kwenye mstari wa katikati wa chati ana kilo 7.9, ilhali msichana wa umri huohuo ana kilo 7.3. Baada ya hapo hesabu miezi kuanzia tarehe ya kuzaliwa, ukihesabu ile iliyokwisha kutimia tu. Mtoto aliyezaliwa tarehe 20 Machi, akipimwa tarehe 10 Septemba, ana miezi 5, hata kama vidole vya mikono vinakuambia 6. Nukta ya uzito wake ikiwekwa mwezi mmoja mbele, mtoto mwenye afya huonekana amepungukiwa. Ikiwekwa mwezi mmoja nyuma, upungufu hufichika.

Sasa iangalie mistari yenyewe. Imetokana na viwango vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006, baada ya kupima watoto walionyonya maziwa ya mama na kulelewa katika mazingira mazuri katika nchi 6, Ghana ikiwa mojawapo. Mistari hupanda kwa kasi mwanzoni kisha hujikunja na kulala kidogo, kwa sababu ndivyo miili ya watoto inavyokua. Mvulana wa katikati huongeza takriban kilo 3 katika miezi 3 ya kwanza, lakini kati ya mwezi wa 9 na wa 12 huongeza gramu 700 tu. Kwa hiyo kuongezeka kidogo kidogo kwa mtoto wa miezi 10 si lazima kuwe kasoro. Kasoro ni pale anapoongezeka kidogo kuliko mstari unavyopanda katika umri wake.

Mstari wa katikati haukuwekwa uwe shabaha ya kila mtoto. Nusu ya watoto wenye afya wako chini yake, na mzazi anayelazimisha mwanawe aufikie anajisumbua bure. Mstari wa chini, ule wa hasi 2, ni mahali ambapo kati ya watoto 100 wenye afya 2 hivi tu hupatikana chini yake, na ndiyo maana anayeangukia hapo huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Chini zaidi, kupita mstari wa hasi 3, upungufu ni mkali, na hapo mtoto hasubiri kliniki ya mwezi ujao.

Wengi huishia hapo: nukta ikiwa juu ya mstari wa chini, wanakunja kadi na kurudi nyumbani. Huo ndio usomaji unaoponza. Nukta moja inaeleza mtoto ana uzito gani leo, lakini anakoelekea huonekana pale nukta zinapounganishwa, na baadhi ya kadi nilizowahi kushika zilikuwa na nukta nyingi zisizounganishwa hata mbili. Chukua penseli uziunganishe mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mvulana ambaye mama yake huuza dagaa soko la Mwaloni. Alizaliwa na kilo 3.3, akafika 6.4 mwezi wa 3 na 7.0 mwezi wa 4, yaani juu ya mstari wa katikati barabara. Mama akarudi sokoni. Mwezi wa 5 mtoto akawa na kilo 7.3, wa 6 akawa na 7.4, wa 7 akawa na 7.5. Mstari wa chini mwezi wa 7 uko kwenye kilo 6.7, kwa hiyo yuko juu yake kwa mbali, na kila mwezi ameongezeka. Hata hivyo, mstari wa katikati umepanda kutoka 7.0 hadi 8.3 katika miezi hiyo 3, ukiongeza kilo 1.3, naye ameongeza nusu kilo. Mstari wake umelala huku iliyochapwa ikiendelea kupanda. Linganisha na msichana wa jirani aliyezaliwa na kilo 2.6, ambaye miezi yote amekwenda sambamba na mstari wa chini, juu yake kidogo. Huyu ni mdogo wa umbo tu na anakua. Wa kuhangaikiwa ni yule mvulana anayesifiwa unene.

Kulala kwa mstari hakutaji ugonjwa, bali kunaonyesha wakati. Ndiyo maana, kabla ya kwenda, inafaa kukumbuka kilichobadilika mwezi ule mstari ulipoanza kulala: kuharisha, homa, kikohozi cha muda mrefu, mama kushika mimba nyingine, au mtoto kuachiwa mlezi mwingine. Kwa mvulana wetu, dada yake alikuwa akimpa mchana uji mwepesi wa muhogo kuanzia mwezi wa 4, naye ananyonya usiku tu. Uji wa kunyweka kikombeni hujaza tumbo kwa maji. Maziwa aliyopaswa kunyonya yakapungua, na kilichochukua nafasi yake kilikuwa na nguvu kidogo na karibu hakina protini. Muuguzi akiambiwa hayo ana pa kuanzia: atapima malaria, atauliza kuhusu kunyonya, atashauri maziwa yakamuliwe kabla ya kwenda sokoni, na uji uwe mzito wa kukaa kijikoni bila kumwagika, wenye dagaa waliosagwa na mafuta kidogo, mara 2 hadi 3 kwa siku. Ni vema apimwe tena baada ya wiki 2. Akifika mwezi wa 8 na kilo 8.0, ameongeza gramu 500 ambapo mstari wa katikati uliongeza 300, na mstari wake utakuwa umesimama wima kuliko ule uliochapwa. Hiyo ndiyo dalili ya kufidia.

Mizani nayo hudanganya. Ile ya kuning'iniza ina alama za gramu 100, na nepi iliyolowa pamoja na sweta vyaweza kupita nusu ya ongezeko la mwezi mzima. Mvue mtoto, na uangalie mshale uwe kwenye sifuri suruali ya kupimia ikiwa tupu. Uzito ukionekana kushuka ghafla kwa mtoto mchangamfu, omba apimwe mara ya pili kabla ya kuandikwa.

Jambo moja kadi haiwezi kulionyesha. Mtoto mwenye utapiamlo wa kuvimba hubeba maji mwilini, na maji yana uzito, hivyo mstari wake waweza kupanda huku akidhoofika. Usiku huohuo wa kufungua kadi, bonyeza nyayo zake kwa juu, zote mbili, kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama nukta ya mwisho iko juu ya mstari wa katikati.