Kuandika taarifa ya matumizi ya michango: anza na makato

Wiki iliyopita nilikaa na mweka hazina wa kikundi cha akina mama waliochangishana kununulia shule ya msingi tangi la maji. Risiti zote alikuwa nazo, lakini hesabu ilipungua shilingi 38,500, na siku tatu hakupata usingizi kwa kuogopa ataambiwa amekula hela za watu. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1. Tenga ahadi na fedha zilizopokelewa. Ahadi haiingii kwenye taarifa.

Hatua ya 2. Panga risiti kwa tarehe. Aliyebeba mchanga kwa kirikuu hana risiti, basi mwandikie hati ya malipo: kazi, kiasi, tarehe, sahihi yake.

Hatua ya 3. Linganisha na simu. Hapa usiwe na haraka. Usijumlishe kwa kusoma meseji, kwa sababu muamala uliokosewa ukarudishwa huacha meseji nyuma na utauhesabu kama mchango. Omba taarifa ya miamala kutoka mtandao wako, kuanzia siku ya mchango wa kwanza. Kisha chora safu tatu daftarini: kilichoingia, kilichotoka, makato. Mimi napenda daftari kwanza, kompyuta baadaye. Kalamu inakulazimisha kutazama kila mstari.

Kwake yeye ziliingia 2,740,000, na risiti na hati zilifika 2,520,000. Zilitakiwa kubaki 220,000, simu ikaonyesha 181,500. Tulipojumlisha safu ya makato, ya kutoa kwa wakala na ya kumtumia fundi, tukapata 38,500 kamili. Hakuna shilingi iliyopotea.

Jihadhari na mambo mawili. Mchangiaji akituma 50,000 pamoja na ya kutolea, andika yote iliyoingia, usikate mwenyewe. Na michango ya mkononi haimo kwenye simu. Iwe na ukurasa wake, kisha ijumlishwe mwishoni.

Hatua ya 4. Andika taarifa. Makato yape mstari wake. Usiyafiche ndani ya bei ya tangi, maana mtu akipiga simu dukani bei haitalingana. Sema na kilichobaki kitafanya nini. Wao waliandika: “Zimebaki 181,500. Tutanunua koki mbili na kufuli la mfuniko, risiti tutazileta hapa.”

Hatua ya 5. Shukuru. Sipendi orodha ya majina na kiasi, inamwaibisha aliyetoa elfu mbili. Weka herufi nne za mwisho za namba ya muamala na kiasi; kila mtu atafungua meseji yake ajione. Waliotoa mkononi watumie namba ya stakabadhi yao. Juu ya orodha aliandika: “Asanteni sana. Mvua ya Jumanne imejaza tangi hadi nusu, na watoto wamenawa mikono shuleni bila kubeba ndoo kutoka nyumbani.”